Pikipiki Ikilala Chini, Usiondoke Haraka

Bodaboda inakata kona kuingia njia ya mchanga, tairi la mbele linateleza, chombo kinalala upande wa kulia. Abiria anajipangusa vumbi, dereva anapiga kiki na safari inaendelea. Mbele kidogo anaona ajabu: pikipiki inakwenda moja kwa moja, lakini usukani umekaa upande.

Wengi hapo husema fremu imepinda. Kwa anguko la mwendo mdogo, mara nyingi fremu ni nzima. Shokapu za mbele ndizo zilizojisokota ndani ya mabano yanayozishika. Simama mbele ya gurudumu, kisha chuchumaa ubavuni, ulinganishe mabomba mawili ya shokapu. Yakiwa sawa, yanakwenda sambamba toka juu hadi chini. Yakipishana, legeza nati ya ekseli, bolti za madigadi na za mabano kiasi cha kuruhusu kugeuka tu, maana zikilegea mno shokapu zitateleza. Bana gurudumu kwa magoti, geuza usukani mpaka unyooke, kisha kaza mabano. Bonyeza shokapu mara kadhaa zijipange, ndipo ukaze ekseli na madigadi. Kama mabomba bado yanapishana, au shokapu zinakwama zikibonyezwa, bomba limepinda. Fundi akikuambia atalipasha moto alinyooshe, kataa, nunua jingine.

Upande ulioangukia unahitaji jicho la karibu zaidi. Mkono wa breki ni wa alumini, na ukipinda hupata ufa karibu na bolti yake. Usiunyooshe kwa nguvu, maana unaweza kukatika siku utakapoubana kwa dharura. Uvute na kuuachia: urudi wenyewe, na gurudumu lizunguke bila kubanwa. Zungusha na moto pia. Mchanga ukiingia ndani ya mpini, hautarudi.

Kikanyagio cha mguu cha kulia kikisukumwa nyuma au juu, huweza kugusa pedali ya breki. Breki ya nyuma hapo hubana muda wote na ngoma kupata moto, au pedali hugota kabla haijashika. Ikanyage kwa mkono uone kama inashuka na kurudi kwa uhuru. Upande wa kushoto, angalia hivyo hivyo pedali ya gia.

Fremu ipime mwisho, baada ya kuhakikisha alama za kukazia mnyororo zinalingana pande zote mbili. Simamisha pikipiki wima, usukani ukiwa umenyooka, kisha vuta uzi toka tairi la nyuma hadi la mbele, kila ubavu, ukigusa tairi la nyuma sehemu mbili. Tairi la mbele likiwa jembamba, uzi utaacha nafasi. Nafasi hiyo iwe sawa kulia na kushoto. Halafu tazama shingo ya fremu, penye kizuizi cha usukani. Ukiona rangi imepasuka au ufa kwenye maungio, usiipande tena: isukume mpaka kwa fundi.