Ripoti ya mtoto imeandikwa 'usawazishaji'? Barua ya mwalimu yafafanulia wazazi

Mzazi mmoja alifungua ripoti ya bintiye wa Gredi ya 8 mwishoni mwa muhula akakuta jambo lililomkera. Insha ambayo mtoto alikuwa ameionyesha nyumbani ikiwa na alama 16 kati ya 20, sasa imeandikwa 14. Pembeni kuna maneno matatu tu: "Baada ya usawazishaji."

Kwenye kikundi cha wazazi maswali yakaanza. Mbona mtoto ameshushwa? Kuna mtu analipwa? Mwalimu wa darasa akaona heri awaandikie wazazi wote barua ya kurasa mbili kueleza maneno ya ripoti, moja baada ya jingine.

Alianza na neno ambalo wazazi wengi huliruka: tathmini endelezi. Hii ni ile kazi mwalimu anayoipima wakati somo bado linaendelea, yaani maswali mafupi ya Ijumaa, daftari likisahihishwa, mwanafunzi akielezea jambo mbele ya wenzake. Lengo lake ni kumwonyesha mwalimu kesho afundishe nini. Alama zake hazijumlishwi popote.

Mwalimu alitoa mfano wa darasa lake. Wiki ya tatu aliwapa wanafunzi kazi ya kuandika aya moja. Wengi walichanganya mawazo matatu kwenye aya hiyo hiyo. Akaahirisha somo la methali, akafundisha ujenzi wa aya kwa siku mbili, kisha akawapa kazi nyingine. "Mtoto wako akipata AE wiki ya tatu na ME wiki ya tano, hiyo AE ilishafanya kazi yake," aliandika.

Kwa wasiozijua herufi hizo: EE ni kuzidisha matarajio, ME kufikia, AE kukaribia, na BE ni mbali na matarajio. Katika Sekondari Msingi kila kiwango hugawanywa mara mbili, hivyo vinakuwa 8, kuanzia EE1 yenye pointi 8 hadi BE2 yenye pointi 1. EE2 huanzia asilimia 75, na ME1 huanzia 58 hadi 74.

Hapo ndipo mzazi anayemfanyia mtoto kazi ya nyumbani anajiponza. Kichujio cha maji kilichotengenezwa na baba kikapata EE kinamwambia mwalimu kwamba mtoto ameelewa. Mwalimu anasonga mbele, mtoto anabaki nyuma, na hakuna anayejua hadi mtihani ufike.

Ile inayohesabiwa ni ipi?

Mkanganyiko mkubwa uko hapa, na si kosa la wazazi. Kuna tathmini nyingine inayofanyika shuleni katikati ya mwaka ambayo inahesabiwa kweli. Ni tathmini ya shuleni ya Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, inayojulikana kwa herufi SBA. Kazi zenyewe hutoka KNEC, walimu huzipakua kwenye tovuti ya baraza, huwapa wanafunzi, husahihisha kwa mwongozo uliotolewa, kisha hupakia alama.

SBA za Gredi ya 7 na 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo yanayotumika kumpangia mwanafunzi shule ya Sekondari Pevu. Mtihani wa Gredi ya 6, KPSEA, huchangia 20 nyingine. Asilimia 60 iliyobaki ni mtihani wa Gredi ya 9, KJSEA, ambao ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Mtihani kama huo unaokuja mwisho wa safari ndio huitwa tathmini tamati.

Kwa hiyo mzazi akisikia "tathmini imefanyiwa darasani", swali la kumuuliza mwalimu ni moja: hii ni ya kumsaidia kufundisha, au inapakiwa KNEC?

Kwa nini 16 iligeuka 14

Sasa turudi kwenye ile insha. Shule hiyo ina mikondo miwili ya Gredi ya 8, kila mmoja na mwalimu wake wa Kiswahili. Watoto waliandika insha ileile. Bila kukaa pamoja, alama 15 ya mwalimu mmoja inaweza kuwa 12 ya mwenzake, na mtoto akabebwa au akaumia kwa sababu tu ya mkondo aliopangiwa.

Kusawazisha ni kuziba pengo hilo. Walimu hao wawili walichagua insha chache kutoka kila mkondo, za juu, za kati na za chini, pamoja na zile zilizo karibu na mpaka wa kiwango. Walificha majina na alama za kwanza. Kila mmoja akasahihisha peke yake akiwa na rubriki mezani, kisha wakalinganisha.

Insha ya binti huyo ilikuwa na 16. Mwalimu wa pili aliipa 13. Walipoisoma tena pamoja, ikaonekana mwalimu wa kwanza alivutiwa na hati safi na urefu wa kazi. Rubriki yao ilitaka ujumbe, mtiririko, na lugha pamoja na tahajia. Hati haikuwemo. Aya ya tatu ilikuwa imerudia hoja ya pili. Wakakubaliana 14, ambayo ni asilimia 70. Kutoka EE2, mtoto akaingia ME1.

Wangeishia hapo, mzazi angekuwa na haki ya kulalamika. Kosa likishajulikana, haliwezi kusahihishwa kwa mtoto mmoja tu. Mwalimu wa kwanza alirudia insha zote za mkondo wake zilizokuwa na alama 13 hadi 16. Mwingine aliyekuwa na 15 akashuka hadi 14. Na kumbe kulikuwa na kijana mwenye hati mbaya aliyepewa 13, ambaye insha yake ilistahili 15. Huyo alipanda hadi EE2. Mzazi wake, bila shaka, hakuandika lolote kwenye kikundi.

Barua haikuficha udhaifu wa zoezi hili. Walimu hawarudii kila karatasi, kwa hiyo kosa kwenye insha ambayo haikuguswa linaweza kubaki. Na walimu wawili wenye mazoea yaleyale mabaya watakubaliana vizuri sana wakiwa wote wamekosea. Ndiyo maana baadhi ya shule hubadilishana kazi na shule jirani.

Dalili ya usawazishaji wa jina tu ni rahisi kuiona: alama zote za darasa zimeshuka kwa kiasi kilekile, au hakuna hata moja iliyobadilika, na mwalimu hawezi kuonyesha ni kipengele gani cha rubriki kilichosababisha.

Mwalimu aliwaomba wazazi wenye shaka wafike shuleni waone insha yenyewe na rubriki, wala si alama peke yake. Yule mama alienda. Alionyeshwa aya ya tatu, akaisoma mara mbili, akaomba nakala ya rubriki aende nayo nyumbani.

Kwa kazi za SBA, barua iliwasihi wasichelewe. Maswali yaulizwe kabla alama hazijapakiwa, kwa sababu mfumo ukishafungwa, mwalimu wa darasa hana tena uwezo wa kuzirekebisha.