Je, Wajua? Salamu ya Idi Inayomruka Mteja

Je, wajua kwamba salamu inayojituma yenyewe kwenye WhatsApp Business haimfikii kila anayekuandikia? Inakwenda kwa watu wa aina mbili tu: anayekuandikia kwa mara ya kwanza, na yule ambaye mazungumzo yenu yamelala kwa siku 14. Wengine wote inawaruka.

Mchukue muuza kanzu wa Kariakoo. Chungu cha kumi mteja anauliza bei na salamu inamkaribisha. Chungu cha kumi na tano muuzaji anaibadilisha salamu, anaongeza kwamba oda za kushonesha mwisho wake ni chungu cha ishirini. Chungu cha kumi na tisa mteja yuleyule anarudi, safari hii ana pesa mkononi. Zimepita siku tisa tu tangu waongee, kwa hiyo salamu mpya haitoki na ile tarehe ya mwisho haioni. Anaagiza kesho yake usiku, fundi cherehani ameshajaa, ugomvi unaanza. Mtu aliyekuwa karibu zaidi na kununua ndiye aliyekosa habari.

Kwa hiyo tarehe ziingie kwenye salamu kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, si katikati ya mfungo. Unaifungua kwenye Business tools, kisha Greeting message, unawasha na kuandika. Kwa duka la kanzu, maneno kama haya yanatosha:

“Asalaam aleikum, karibu. Kanzu zote na bei zake ziko kwenye katalogi yetu. Tuandikie urefu wa kanzu yako, kuanzia 52 hadi 62, na mahali ulipo. Za kushonesha mwisho chungu cha 20, zilizo tayari mwisho chungu cha 27. Tafadhali hifadhi namba hii.”

Urefu na mahali vimeulizwa humo makusudi. Bila hivyo mteja hujibu “nataka kanzu”, nawe unaanza kuuliza upya saa ya futari.

Je, wajua kwa nini sentensi ile ya mwisho, ya kuhifadhi namba, ina uzito? Wateja waliorukwa na salamu unaweza kuwafikia kwa orodha ya matangazo, ambayo hubeba hadi watu 256. Lakini tangazo humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyeihifadhi hapati kitu. Kwa huyo dawa ni Quick replies: unaandika jibu mara moja, unalipa jina fupi kama /idi, na kila anapotokea mteja wa zamani unaandika jina hilo tu, tarehe zote zinajimwaga. Nafasi ziko 50, ila duka lenye majibu manne au matano ya maana limejitosheleza.

Je, wajua kwamba bidhaa unayoiingiza kwenye katalogi haionekani kwa wateja papo hapo? Kila kitu hukaguliwa kwanza. Mara nyingi ukaguzi hauchukui muda, lakini anayepandisha kanzu 60 mkesha wa sikukuu anajitafutia presha. Iliyokataliwa hutiwa alama nyekundu, na unaweza kuomba ikaguliwe tena. Pandisha mzigo wa Idi Shaabani ingali haijaisha, kisha uombe simu ya mtu mwingine uitazame katalogi kwa macho ya mteja. Kwenye simu yako mwenyewe utaona vitu ambavyo yeye havioni.

Katalogi hubeba hadi bidhaa 500, na kila bidhaa hadi picha 10. Picha ya kwanza ndiyo inayoonekana kabla mteja hajagusa kitu, basi hiyo iwe kanzu nzima iliyovaliwa, na tarizi za kifua zisubiri picha ya pili. Kwenye jina andika “Kanzu nyeupe, tarizi ya dhahabu”, si “Mzigo mpya umeingia”, maana mteja akigusa bidhaa na kukuandikia, picha na jina lake huja pamoja na ujumbe wake. Jina likiwa tupu kiasi hicho kwa bidhaa ishirini, hutajua anaulizia ipi. Urefu uliobaki dukani uuandike kwenye maelezo na uurekebishe kila jioni.

Na bei iandikwe. Nawajua wauzaji wanaoficha bei ili mteja “aje inboksi”. Kwenye WhatsApp ameshafika huko.

Je, wajua kwamba kikapu cha WhatsApp hakizuii mali? Mteja akijaza kikapu na kukituma, unachopokea ni ujumbe tu wenye orodha ya alichokitaka. Kanzu moja ya urefu wa 58 iliyobaki inaweza kuingia kwenye vikapu vya watu watatu usiku mmoja, na wote wataamini wameipata. Kwa hiyo jibu la kwanza baada ya kikapu liwe “ipo” au “imekwisha”, ndipo ifuate namba ya kulipia. Iliyokwisha usiifute, ifiche kwa kuchagua Hide item, ili mzigo ukirudi usianze kupiga picha upya.

Je, wajua kwamba ujumbe wa kutokuwepo, yaani Away message, una shida na mwezi? Ukichagua Custom schedule unatakiwa kutaja siku na saa ya kuanza na ya kumaliza. Idi nayo haijulikani hadi usiku wa chungu cha 29, pale Mufti wa Tanzania au Kadhi Mkuu wa Kenya anapotangaza. Panga ratiba ianze jioni ya chungu cha 29 na imalizike siku utakayofungua duka. Mwezi usipoonekana, isogeze mwanzo wake kwa siku moja usiku uleule. Na maneno yasiseme “leo ni Idi”. Andika hivi: “Duka limefungwa kwa sikukuu. Oda zote tutazijibu kwa zamu tukifungua. Katalogi iko wazi, chagua upendacho.” Hayo hayatamwaibisha mtu hata mwezi ukichelewa.

Anayechagua Always send badala ya ratiba lazima akumbuke kuuzima mwenyewe. Asipouzima, Mfunguo Mosi unayoyoma na wateja bado wanaambiwa duka limefungwa, ilhali yeye ameketi mlangoni akishangaa biashara ilivyopooza.

Jingine: ujumbe huu hutumwa simu ikiwa na intaneti tu. Simu ya duka iliyozimwa na kufungiwa droo, au iliyoishiwa bando wakati mwenyewe yuko tarawehe, haimjibu mtu. Iache kwenye chaji na bando la kutosha hadi sikukuu ipite.

Je, wajua kwamba mbuzi wa Idi el-Haji hawaruhusiwi kwenye katalogi? Sera ya biashara ya WhatsApp inakataza kuuza wanyama walio hai, mifugo ikiwemo. Muuza kanzu anayetaka kuongeza mbuzi wawili watatu kwenye katalogi yake miezi miwili baadaye ajue watakataliwa kwenye ukaguzi. Kanzu, kofia, udi na marashi vibaki humo. Mbuzi wauziwe mnadani.