Nani Kasema Kuna Theluji?

Mwaka jana, siku ya soko Kiborloni, nilikaa kibandani kunywa chai na wazee wawili wakulima wa kahawa. Mmoja alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu: nyunyiza dawa ya shaba mapema, kabla mvua hazijakolea, usisubiri chulebuni ionekane kwenye matunda. Mwenzake hakuuliza kwa nini mapema, wala kipimo gani. Aliuliza, "Nani kasema?" Msomaji akajibu bila kusita, "Watu wa Lyamungu." Lyamungu ndiko kuliko na kituo cha utafiti wa kahawa, na pale mezani hakuna jina linaloipita. Mzee akatikisa kichwa kukubali, chai ikaendelea.

Niliomba niuone ule ujumbe. Haukuwa na jina hata moja. Nilipomwambia msomaji, alicheka: "Sasa mwanangu, maneno kama haya yatatoka wapi tena?"

Hakudanganya. Alifanya jambo ambalo wataalamu wa saikolojia wamelichunguza kwa miaka mingi: akili ya binadamu haipendi maneno yasiyo na mwenyewe. Na mtu akitaka kuona jina linavyoweza kuyaangusha maneno ya kweli, au kukosekana kwake kunavyoweza kuyazika, hana haja ya kwenda mbali na Moshi. Atoke nje alfajiri, mawingu hayajapanda, atazame juu.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa shirika la CMS aliyekuwa na makao Rabai, nyuma ya Mombasa, alikuwa safarini kuja Uchagani akiongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa msafara. Asubuhi hiyo akaona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wake. Bwana Kheri akajibu kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akaelewa kwamba anaiona theluji, akaandika hivyo katika shajara yake. Mwaka uliofuata habari hiyo ilichapwa Uingereza katika jarida la shirika lake, pamoja na jina lake.

Huko London alikuwapo mwanajiografia mmoja, William Desborough Cooley, msomi wa maandiko ya Kiarabu na Kireno juu ya Afrika. Hakuwahi kukanyaga bara hili. Cooley aliikataa theluji ya Rebmann, akasema kwa maneno yake kwamba mmisionari yule aliona kwa mawazo zaidi kuliko kwa macho. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima juu ya ndani ya Afrika, akashikilia msimamo uleule.

Tusimwonee Cooley. Rebmann hakuwa na kipimo chochote cha maana. Inajulikana zaidi kwamba alibeba mwavuli. Lakini hoja ya kuwa theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta haikuwa na miguu hata wakati ule. Alexander von Humboldt alikuwa amepanda Chimborazo, mlima wa theluji wa Ekwado, mwaka 1802, na wasomi wa Ulaya walilijua hilo vizuri. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kila ukipanda meta 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6 hivi. Moshi mjini tuko kwenye meta 800 na ushei, na joto letu la wastani ni nyuzi 23 au 24. Kutoka hapa hadi kilele, meta 5,895, ni mwinuko wa meta 5,000. Toa nyuzi 30, na umeshaingia chini ya sifuri. Kwa hiyo habari ya Rebmann haikuwa na kasoro. Ila Humboldt alikuwa Humboldt, na Rebmann alikuwa mhubiri kijana asiyejulikana.

Ili kujua ni kiasi gani cha imani hutokana na jina, lazima maneno yabaki yaleyale na jina tu libadilike. Kwa Rebmann haiwezekani. Hatuwezi kurudi 1849 tukachapa habari yake kwa jina la mwingine. Lakini karne moja baadaye Carl Hovland na Walter Weiss walilifanya jambo hilo katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1951. Waliwapa wanafunzi makala fupi. Mojawapo ilihoji kama nyambizi inayoendeshwa kwa nguvu ya atomiki inaweza kujengwa wakati ule. Nusu ya wasomaji waliambiwa mwandishi ni Robert Oppenheimer, mwanafizikia aliyesimamia utengenezaji wa bomu la atomiki. Nusu nyingine waliambiwa imetoka Pravda, gazeti la chama cha Kikomunisti cha Muungano wa Kisovieti. Hakuna neno lililobadilishwa.

Mara baada ya kusoma, makala zote zikijumlishwa pamoja, wenye majina ya kuaminika waliwavuta wasomaji kama asilimia 23 upande wao, na wenye majina ya kutiliwa shaka kama asilimia 7. Nyambizi yenyewe, tukiacha majina, iliingizwa majini mwaka 1954.

Kinachonivutia mimi ni jambo jingine lililomo ndani ya utafiti ule. Wanafunzi walipoulizwa maswali juu ya yaliyomo katika makala, makundi yote mawili yalikumbuka sawasawa. Jina baya halikumzuia mtu kusoma wala kuelewa. Lilimzuia kukubali tu. Maneno yaliingia kichwani, yakakaa, lakini mlango wa imani ukafungwa.

Na mlango ule haukukaa umefungwa. Wiki nne baadaye watafiti walirudi na maswali yaleyale. Kundi la majina mazuri lilikuwa limepungua imani. Kundi la majina mabaya lilikuwa limeongezeka, makundi yote mawili yakakaribiana. Msomaji alikuwa amebaki na hoja akamsahau mwenye hoja. Mwaka 1953 Hovland na mwenzake Herbert Kelman walithibitisha sababu hiyo kwa njia rahisi. Wiki tatu baada ya kuwasikilizisha watu hotuba, baadhi yao waliwakumbusha nani alikuwa amezungumza. Kwa waliokumbushwa, pengo lilirudi. Kwa wasiokumbushwa, halikurudi.

Watafiti wa baadaye, akina Anthony Pratkanis na Anthony Greenwald, waligundua mwaka 1988 kwamba jambo hilo hutokea vizuri pale onyo juu ya msemaji linapokuja baada ya maneno. Jina la kutiliwa shaka likitangulia, msomaji husoma huku ameshakunja uso, na kila sentensi anaibishia inapopita. Likija mwishoni, sentensi zimeshapata makao. Onyo limening'inizwa nje tu, na baada ya wiki chache linadondoka. Kwa hiyo mahali jina linapokaa si suala la mpangilio wa ukurasa tu. Gazeti linaloandika mwishoni kabisa kwamba chanzo chake hakikutaka jina lake litajwe limeshampa msomaji habari nzima akiwa hana kinga.

Je, jina hutawala kila mahali kwa nguvu ileile? Hapana. Mwaka 1981 Richard Petty, John Cacioppo na mwenzao Rachel Goldman waliwasikilizisha wanafunzi wa chuo pendekezo la kuleta mtihani mkubwa wa mwisho kabla ya kuhitimu. Wengine waliambiwa mtihani utaanza mwaka unaofuata, yaani utawakuta wao wenyewe. Wengine, kwamba utaanza baada ya miaka 10. Wengine waliambiwa ripoti ni ya tume chini ya profesa wa Princeton, wengine, kwamba ni kazi ya darasa la sekondari. Hoja zenyewe nazo zilikuwa za aina mbili, nzito na hafifu. Wale ambao mtihani ungewakuta walipima hoja. Jina la profesa halikuwasogeza sana. Wale ambao haukuwahusu walimfuata profesa.

Hapo ndipo ninapomwelewa Cooley kuliko hapo mwanzo, na kumlaumu zaidi. Kwa Mchaga wa Machame, weupe ule haukuwa suala la nani kasema. Wakati Rebmann anafika palikuwa na habari za watu waliotumwa na Mangi kwenda kuchukua kile kilichodhaniwa ni fedha, wakafa kwa baridi, akarudi mmoja, mikono na miguu imeharibika. Hilo lilikuwa jambo lao, walilipima kwa miili yao. Kwa wasomaji wa London mlima ulikuwa mbali kuliko miaka 10, na kwa hiyo walisoma jina.

Cooley alikuwa na kosa jingine. Sehemu kubwa ya aliyoyajua juu ya ndani ya Afrika Mashariki aliyapata kwa Waarabu na Waswahili, mmojawapo Khamis bin Uthman, aliyefika London miaka ya 1830. Maneno ya wasafiri hao yalipopita mikononi mwa Cooley yakawa elimu ya Cooley. Bwana Kheri naye alitoa ushahidi wa kwanza kabisa katika habari ya theluji, kabla Rebmann hajalitamka neno lenyewe kwa lugha yake. Lakini katika mabishano ya London hakuna aliyeuliza Bwana Kheri ni nani, amepita njia ile mara ngapi, aliposema baridi alimaanisha nini. Rebmann alikuwa na jina dogo, likakataliwa. Bwana Kheri jina lake halikuwekwa hata mezani ili likataliwe.

Mambo yalibadilika lilipokuja jina kubwa. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken, baroni mwenye mali, alifika mlimani na mwanajiolojia Mwingereza Richard Thornton. Mwaka 1862 alirudi na Otto Kersten, wakapanda hadi kama meta 4,200, theluji ikawaangukia usiku. Wanajiografia wakakubali. Cooley hakukubali, alimpongeza baroni kwa kejeli kwa bahati ya kupata dhoruba kwa wakati wake. Mtu akishakataa jina la kwanza hadharani, la pili nalo humwia gumu.

Ukitaka kuliona jambo hili mwenyewe, chukua sentensi moja ya kilimo ambayo una hakika nayo, uichape kwenye karatasi 40. Nusu usiweke jina. Nusu uandike chini yake kwamba imetoka kwa bwana shamba. Zichanganye kama karata, uzigawe bila kuchagua nani apate ipi, kila mtu aandike peke yake anaiamini kiasi gani, kuanzia 1 hadi 10. Usiwaache wajadiliane kabla ya kuandika, maana mzee mmoja akishatamka "hii ni ya Lyamungu," karatasi zote 40 zimepata jina. Ukimaliza waeleze ulichofanya. Mwezi ukipita, waulize tena.

Rebmann alirudi Ulaya mwaka 1875 akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata. Upande wa kusini wa Kibo leo iko barafu inayoitwa Rebmann, jirani yake iko ya Decken, na ya Kersten. Ya Bwana Kheri haipo.