Mchango wa Matibabu ya Moyo ya Mtoto wa Mtaa Wetu



Ndugu wasomaji, wiki hii twaleta mbele yenu haja ya mtoto wa miaka miwili, mwana wa dereva wa tuktuk na mama apikaye mahamri. Jina lake na picha yake hatukuviweka. Wazazi wake wameridhia tueleze maradhi, na kesho mtoto huyu atakuwa mtu mzima miongoni mwetu. Haifai ajulikane kwa siku ya udhaifu wake.

Mtoto amezaliwa na tundu katika ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini vya moyo. Damu iliyokwisha kupata hewa safi hupenya tunduni na kurudishwa mapafuni badala ya kwenda mwilini. Ndiyo sababu hutweta, hutoka jasho anyonyapo, na uzito wake hauongezeki. Matundu madogo aghalabu huziba yenyewe. Hili ni kubwa, na daktari ameandika kwamba lahitaji kuzibwa kwa upasuaji. Likiachwa muda mrefu, mishipa ya mapafu hukakamaa kwa msukumo wa damu, na hapo kuliziba huwa hakufai tena. Kwa sasa mtoto yupo nyumbani kwa dawa, na miadi ya upasuaji ni baada ya wiki tano. Muda upo, lakini si mwingi.

Hospitali imekadiria gharama kuwa shilingi 620,000. Bima imeidhinisha 340,000. Jamaa wamekusanya 95,000, nazo zimekwisha kulipwa. Kilichobaki ni shilingi 185,000, na hicho ndicho tunachokiomba. Makadirio hayo yamehesabu siku mbili katika chumba cha wagonjwa mahututi. Zikizidi, gharama itapanda, nasi tutarudi kwenu na ankara mpya, wala hatutaongeza kitu kwa mdomo.

Mimi, wazee wawili wa msikiti na mwalimu wa darsa la akina mama tulikwenda hospitali pamoja na baba mtu. Tuliona ripoti ya kipimo cha moyo, barua ya daktari, cheti cha kuzaliwa, na idhini ya bima. Tulilinganisha jina na namba ya mgonjwa katika kila karatasi, kisha tukamwomba karani wa malipo afungue hesabu hiyo mbele yetu. Vyote vilikubaliana. Nakala zipo ofisini msikitini, na kila atakaye kuziona aje baina ya Alasiri na Magharibi. Akina mama waweza kuzisoma kwa mwalimu wao.

Pesa zalipwa moja kwa moja hospitalini kwa Lipa na M-PESA, kwa namba ya Pay Bill ya hospitali, na namba ya akaunti ni namba ya mgonjwa. Namba hizo hatukuzichapisha hapa kwa makusudi. Tangazo likishasambazwa kutoka simu hadi simu, ni rahisi mtu kubadili tarakimu na kuweka zake. Zichukueni kwenye ankara iliyobandikwa ubaoni msikitini. Ujumbe wa kuthibitisha malipo hutaja jina la aliyepokea: lazima liwe jina la hospitali. Ukitumiwa namba ya simu ya mtu, hata kwa jina langu, usilipe.

Mwenye kutaka kutoa zaka, hali ya baba tumeichunguza: mapato yake hayakidhi matumizi ya lazima ya nyumba, basi ni katika wanaostahiki. Kwa kuwa zaka ni haki ya mwenye kupewa, haifai kumlipia mahali pengine bila ridhaa yake. Yeye, kama baba na walii wa mtoto, ametuandikia idhini kwamba ilipwe hospitalini kwa niaba yake. Nuia zaka kabla ya kutuma. Sadaka haina sharti hilo.

Pesa zikizidi, hospitali itamrudishia baba, naye atazipokea mbele yetu. Kwanza zitatumika kwa dawa na miadi ya marejeo. Zikibaki, zitamsaidia mgonjwa mwingine. Twalisema sasa ili nia ya mtoaji ilijue. Asiyeridhika na sharti hilo atuambie kabla ya kutoa.

Kila Ijumaa tutabandika jumla iliyopokewa kama ilivyo katika hesabu ya hospitali, bila majina ya waliotoa. Ikitimia 185,000, tangazo litaondolewa siku hiyo hiyo. Baada ya upasuaji, ankara ya mwisho itabandikwa ubaoni, jina la mtoto likiwa limefunikwa.

Asiye na uwezo hana lawama, wala hakuna atakayeulizwa. Dua kwa mtoto na wazazi wake twaiomba kwa nyote.

Wabillahi tawfiq.