Gramu Moja ya Radiamu

Ukipewa gramu moja ya radiamu-226 safi, unaweza kujua ni atomi ngapi zinavunjika kila sekunde bila kugusa kipimo chochote. Unahitaji namba mbili tu: nusu-maisha yake, miaka 1,600, na uzito wa moli moja, gramu 226.

Anza kwa kuhesabu atomi. Moli moja ina atomi 6.022 × 10²³. Gawanya kwa 226, upate 2.66 × 10²¹ katika gramu yako.

Sasa tafuta uwezekano wa atomi moja kuvunjika ndani ya sekunde moja. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuacha miaka ikiwa miaka. Miaka 1,600 ni sekunde bilioni 50.5. Gawanya 0.693 kwa idadi hiyo: 1.37 × 10⁻¹¹. Ni uwezekano mdogo mno, lakini atomi ni nyingi mno. Zidisha namba hizo mbili, na jibu ni mivunjiko bilioni 36.6 kila sekunde, yaani bekereli bilioni 36.6.

Kipimo cha zamani, kyuri, kilitokana na gramu hiyohiyo ya radiamu. Leo kimewekwa kuwa bilioni 37 kamili, ndiyo maana gramu yetu inapungukiwa kidogo.

Hesabu hii ni ya radiamu peke yake. Ifungie chupani mwezi mmoja, na radoni inayozaliwa humo, pamoja na vizazi vyake vya karibu, itavunjika pia. Miale ya alfa pekee itakaribia mara nne.