Kurudisha Namba ya Jana

Tarehe 1 Agosti 2012, soko la hisa la New York lilifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi kama kawaida. Papo hapo mitambo ya kampuni ya Knight Capital ikaanza kununua na kuuza hisa bila mpaka. Ilikuwa imepokea oda ndogo 212 za wateja, lakini katika dakika kama 45 ilifanya miamala zaidi ya milioni 4, katika hisa za kampuni 154. Hasara ilipita dola milioni 460.

Chanzo chake kilikuwa alama moja ya ndiyo au hapana. Mafundi waliandika programu mpya ya kusambaza oda, na ili kuiwasha wakatumia alama iliyowahi kuwasha programu ya zamani iitwayo Power Peg, ambayo kampuni ilikuwa imeacha kuitumia tangu 2003 bila kuifuta. Programu mpya ilipaswa kuwekwa kwenye seva 8, ikawekwa kwenye 7. Ile ya nane ilipoiona alama, ikaamsha Power Peg.

Jambo linalosemwa kwa nadra ni lile lililofuata. Katika kuhangaika, mafundi waliiondoa programu mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa salama, wakidhani wanarudi kwenye hali ya jana. Lakini oda zilikuwa bado zinaingia zikiwa na ile alama, na sasa seva hizo nazo zikaisoma kwa maana yake ya zamani. Walirudisha nusu ya badiliko, na tatizo likazidi. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sehemu ya kisa hiki inayomhusu zaidi mtu wa kawaida mwenye roboti lake dogo la kufanya biashara ya fedha za kigeni.

Roboti la namna hiyo huendeshwa na vigezo: linatazama wastani wa bei wa siku ngapi, linahatarisha kiasi gani cha mtaji kwa biashara moja, linakubali bei iende kinyume kwa asilimia ngapi kabla ya kufunga. Wengi huziandika namba hizi katikati ya programu yenyewe, au kwenye dirisha la mipangilio, na wakizibadilisha ile ya zamani imepotea. Njia iliyo salama zaidi ni kuziweka katika faili lake la maandishi, na faili hilo likatunzwa na Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, inayohifadhi kila toleo pamoja na jina la aliyebadilisha, saa na sababu. Tuseme faili letu, `vigezo.yaml`, liko hivi:

```yaml
wastani_mfupi: 20
wastani_mrefu: 50
hatari_kwa_biashara: 0.01
kikomo_cha_hasara: 0.02
```

Mtaji ni dola 10,000. Hatari ya 0.01 maana yake biashara moja ikiharibika ipoteze dola 100. Kikomo ni asilimia 2, kwa hiyo roboti linagawa 100 kwa 0.02 na kupata dola 5,000: hicho ndicho kiasi cha kununua. Bei ikishuka kwa asilimia 2, zinaondoka dola 100 na biashara inafungwa.

Sasa mmoja wa washirika wawili wanaoliendesha roboti hilo anaona soko limechafuka, naye kwa nia ya kupunguza hatari anashusha kikomo hadi 0.005. Lakini roboti linagawa 100 kwa 0.005 na kupata dola 20,000. Limeanza kununua mara nne ya kawaida, kwa fedha za mkopo wa dalali, kwa sababu ya namba iliyopunguzwa.

Mwenzake atagundua vipi? Ataona kiasi cha biashara kimeruka, lakini hilo peke yake halimwambii sababu. Ndiyo maana roboti lazima liandike katika kila mstari wa kumbukumbu zake ni toleo gani la vigezo lililotumika. Git huipa kila hifadhi namba yake ya utambulisho, ambayo hutosha kuandikwa kwa herufi na tarakimu 7 za mwanzo:

```
09:14:03 NUNUA EURUSD 20000 vigezo=7c1e9a2
```

Kutoka hapo, amri moja inamwonyesha kilichobadilika, na nyingine inakitengua:

```
git log -p vigezo.yaml
git revert 7c1e9a2
```

Amri ya pili haifuti historia. Inaandika badiliko jipya lililo kinyume cha lile la kwanza, ili baadaye ionekane kwamba namba ilishushwa, ikarudishwa, na nani alifanya nini. Tena inagusa faili tu. Roboti lililosoma vigezo lilipowashwa linaendelea na namba zile zile hadi lisome upya, na uthibitisho kwamba limesoma ni mstari mpya wa kumbukumbu wenye namba nyingine ya toleo. Usiridhike na kuliona faili limebadilika.

Hapa ndipo mtego wa Knight unaporudi kwa sura ndogo. Ile biashara ya dola 20,000 bado iko wazi, na katika roboti letu kikomo cha kufunga kinasomwa kwenye faili hilo hilo. Tukirudisha 0.02 sasa hivi, roboti litasubiri bei ishuke kwa asilimia 2 ndipo lifunge, na asilimia 2 ya dola 20,000 ni dola 400. Kila toleo peke yake lilikusudia hasara isiyozidi dola 100. Kiasi cha toleo moja kikikutana na kikomo cha toleo jingine, hasara inakuwa mara nne, na aliyeisababisha ni yule aliyekuwa anarekebisha.

Kwa hiyo mpangilio wa hatua una uzito. Kwanza zuia oda mpya. Pili zishughulikie biashara zilizo wazi, ama kwa kuzifunga, ama kwa kuzipunguza hadi kiasi cha kawaida. Tatu rudisha faili, liwashe upya, na usome kumbukumbu. Lililo bora zaidi ni kila biashara kufunguliwa ikiwa na kikomo chake kilichoandikwa pembeni yake, ikaishi nacho hadi ifungwe, hata faili likibadilika mara kumi.

Kuna udhaifu mmoja ambao Git haiwezi kuuziba yenyewe: mtu anayeingia kwenye seva usiku na kubadilisha namba bila kuihifadhi. Kumbukumbu zitaendelea kutaja toleo la zamani, yaani zitadanganya. Dawa yake ni roboti kuiendesha amri hii kabla ya kuanza kazi:

```
git describe --always --dirty
```

Faili likiwa limeguswa bila kuhifadhiwa, jibu litaishia na neno `-dirty`, na roboti likatae kuwaka. Watu wataudhika siku za mwanzo, hasa yule aliyezoea kurekebisha haraka haraka. Mwache audhike.

Na nenosiri la akaunti ya dalali lisiingie kwenye faili hili hata mara moja. Git iliyohifadhi kila namba ya zamani itakuwa imelihifadhi nalo, na kulifuta kwenye toleo la leo hakuliondoi kwenye yaliyotangulia. Likishaingia, libadilishe kwa dalali siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuweka fedha halisi, fungua biashara kwenye akaunti ya majaribio, badilisha kikomo, kisha kirudishe biashara ikiwa bado wazi. Tazama roboti lako litaifunga kwa namba ipi.