Mwenye Nyumba Anapotaka Kuingia

Kwenye majengo mengi ya kupangisha Mombasa na Nairobi, notisi ya ukaguzi huwa ni sentensi mbili zilizobandikwa langoni: wiki ijayo kutakuwa na ukaguzi, wapangaji wote wawepo. Sababu haitajwi, saa haitajwi, wala anayekuja hajulikani. Mpangaji hubaki akikisia. Huenda kodi inataka kupandishwa. Huenda kuna mnunuzi anayetembezwa. Au mwenye nyumba ameambiwa kwamba shemeji aliyekuja kwa likizo hajaondoka.

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 haiwaachi watu wakisie hivyo. Kifungu chake cha 65 kinampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu bila kubughudhiwa muda wote anapolipa kodi na kutimiza masharti. Kifungu hichohicho kinamruhusu mwenye nyumba, au mtu aliyemtuma, kuingia kwa wakati unaofaa ili aangalie hali ya jengo au afanye matengenezo yaliyo juu yake, mradi asivuruge maisha ya mpangaji pasipo sababu. Tena mwenye nyumba hana budi kukagua, kwa kuwa mahali ambapo jengo moja lina wapangaji wengi, paa, kuta kuu, mabomba makuu ya maji machafu na sehemu zinazotumiwa na wote ni mzigo wake yeye. Hawezi kutengeneza ufa asioujua.

Basi kinachokaguliwa ni jengo. Aliyepanga hakaguliwi, na notisi nzuri huanza kwa kulionyesha hilo.

Tuchukue mfano wa jengo la ghorofa nne lililo karibu na bahari, Mombasa. Chumvi ya hewani hupenya kwenye zege polepole mpaka ifike kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege lililoizunguka hupasuka kutoka ndani. Dalili ya kwanza huwa ni mstari mwembamba wa rangi ya hudhurungi kwenye dari ya roshani au ya bafu. Fundi hugonga dari hiyo kwa mpini wa nyundo. Penye uzima husikika mlio mkavu, na palipoachana husikika mlio wa utupu. Kipande cha lipu kinachoning'inia namna hiyo juu ya kichwa cha mtoto hakitaonekana na mtu aliyesimama nje ya mlango.

Bafu nalo lina siri yake. Maji yanayovuja pembeni ya tundu la sakafu yanaweza kuchukua miezi kabla ya kutokeza doa kwenye dari ya jirani wa chini, na mpangaji wa juu asijue lolote. Kwa hiyo hata nyumba isiyo na malalamiko inahitaji kuangaliwa, na hapo ndipo ukaguzi wa kawaida unapotofautiana na ule unaoitwa baada ya kitu kuharibika.

Mwenye jengo la mfano wetu angeandika hivi, karatasi moja kwa kila mlango:

"Kwa mpangaji wa nyumba namba 7. Tunakusudia kukagua dari za roshani na bafu, mabomba, na kisanduku cha umeme, kwa sababu nyumba mbili za ghorofa ya chini zimeonyesha unyevu. Ukaguzi utafanyika kati ya Jumanne tarehe 10 na Alhamisi tarehe 12, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Tafadhali chagua siku na saa inayokufaa umjulishe msimamizi kabla ya Ijumaa tarehe 6. Watakaoingia ni msimamizi wa jengo na fundi mmoja, na hawatazidi dakika thelathini. Hawatafungua makabati wala masanduku. Vyumba vya kulala havitaingiwa. Picha zitapigwa za kasoro za jengo pekee. Ikiwa siku hizo hazikufai, taja nyingine ndani ya wiki inayofuata."

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Sababu iliyotajwa humfunga mwandishi mwenyewe: aliyesema anakuja kuangalia dari na mabomba hana ruhusa ya kuuliza kitanda cha tatu ni cha nani. Kauli ya jumla kama "ukaguzi wa nyumba" haina mpaka, na mpangaji ana haki ya kuomba ifafanuliwe kwa maandishi kabla ya kukubali.

Siku tatu zimetajwa, badala ya moja, kwa sababu wapangaji hawana ratiba moja. Anayefanya zamu ya usiku bandarini hulala asubuhi. Mwenye duka hafungi kabla ya magharibi. Katika nyumba nyingi za pwani mwanamke hapendi fundi wa kiume aingie mumewe au kaka yake akiwa hayupo, na Ijumaa adhuhuri ni wakati wa msikiti. Kipindi chenye mwanzo na mwisho humpa kila mmoja nafasi ya kuchagua. Lakini kikinyooshwa mno kinapoteza maana: "wakati wowote mwezi huu" humweka mtu katika hali ya kungoja hodi mwezi mzima.

Sheria hiyo ya Kenya haitaji idadi ya saa za taarifa kwa ukaguzi wa aina hii. Uingereza, sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya mwaka 1985 inadai angalau saa 24, kwa maandishi. Kwa jambo lisilo la dharura, siku saba ni muda wa haki, na ni busara kuuandika kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Bomba likipasuka au gesi ikinuka, hiyo ni dharura, na hakuna atakayelaumu mlango ukigongwa usiku wa manane.

Suala la picha limekuwa zito tangu kila mtu awe na kamera mfukoni. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mali yake, na mambo ya familia yake yasianikwe bila sababu. Picha ya ufa inayoonyesha pia mtoto akioga au dawa zilizopangwa juu ya meza imevuka kazi yake. Kuituma kwenye kundi la WhatsApp la jengo ni kosa juu ya kosa. Mpangaji anaweza kumwomba fundi amwonyeshe alichopiga kabla hajatoka, na fundi mwaminifu hachukii.

Mambo huharibika zaidi pale mwenye nyumba anapotumia ufunguo wa akiba mpangaji akiwa kazini. Kuwa na ufunguo si ruhusa ya kuingia. Mpangaji akikataa ukaguzi kila mara bila sababu, njia ni barua ya pili, kisha mahakama. Kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, lipo baraza la kodi za nyumba. Kuvunja kufuli hakumo katika njia hizo.

Ukaguzi ukiisha, fundi na mpangaji huandika pamoja walichokikuta, chumba kwa chumba: dari ya bafu ina doa la upana wa kiganja, bomba la sinki linatona, kisanduku cha umeme ni kizima. Wote wawili hutia saini, nakala moja hubaki kwa mpangaji, na siku ya matengenezo huandikwa chini yake. Siku atakapohama na kudai amana yake, karatasi hiyo itaonyesha kwamba doa la bafu lilikuwapo na liliripotiwa, na kwamba lilitoka kwenye bomba la ghorofa ya juu.